Shati la Karani wa Mizani

Mwaka ule ndio ule tuliokula michembe asubuhi, matobolwa mchana, na jioni michembe tena, imepikwa na karanga ili ijifanye chakula kingine. Mahindi yalikauka yakiwa yametoa ndevu tu. Viazi ndivyo vilivyotuokoa, vile tulivyokata vibichi tukavianika juu ya miamba, ndiyo michembe, na vile tulivyochemsha kwanza ndipo tukavianika, ndiyo matobolwa. Muulize mtu yeyote wa Bariadi ni mwaka gani alilishwa michembe msibani na hakuna aliyenuna, atakuambia ni huo. Mji mzima ulikuwa na matumbo yenye kelele. Kanisani padri alikuwa akinyamaza kidogo tu, unasikia watu wananguruma.

Mwaka huohuo ndio mjukuu wangu alipata kazi benki.

Nisije nikaeleweka vibaya, mimi nimesoma hadi darasa la nne tu, na hilo la nne nilikaa nusu mwaka. Lakini huyu mtoto nimemlea mimi tangu hajaota jino, na siku ujumbe ule ulipoingia kwenye simu yake nilikwenda kwa jirani kuazima chumvi ambayo nilikuwa nayo nyumbani, ili tu nipate pa kusemea. Nikamaliza nyumba nne. Nilirudi na chumvi ya kutosha kukausha ng'ombe.

Huku kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni watani. Mimi namwita mume wangu, yeye ananiita mke wangu, na tukigombana namwambia nitaomba talaka. Kwa hiyo jioni ile alinikalisha kwenye kigoda akasema, "Mke wangu, sikiliza masharti ya wakubwa." Akanisomea. Jumatatu saa mbili kasorobo awe mlangoni. Shati jeupe au la bluu iliyopauka, la mikono mirefu, lisilo na maua. Suruali nyeusi, au bluu iliyokoza, au kijivu cha makaa. Tai. Mkanda mweusi, viatu vyeusi vya ngozi vya kufunika mguu, soksi nyeusi. Nywele fupi. Halafu miezi sita ya kuangaliwa kabla hawajamthibitisha.

Nilimwambia hayo ni masharti mepesi, hata mganga wa Mwanhuzi ana masharti magumu kuliko hayo. Yeye hakucheka. Mwaka uliotangulia aliitwa usaili ofisi moja kule Maswa, akaenda na koti la kuazima lililomfunika mikono hadi kwenye kucha. Aliniambia mmoja wa waulizaji hakumtazama mdomo hata mara moja, alikuwa anatazama mikono ya koti ikienda na kurudi. Kazi hakupata. Tangu siku hiyo akaamini kwamba ni koti lile lililomnyima. Miaka mitatu alikuwa na cheti chake ndani ya nailoni, anaendesha bodaboda ya mtu, na kijiweni wenzake wanamwita meneja kwa kumkejeli. Sasa Jumatatu umeneja huo ulikuwa unataka kuanza kweli, na alikuwa anaogopa nguo kuliko kazi yenyewe.

Siku ya Alhamisi akaenda mjini akarudi na mifuko. Akapanga vitu juu ya kitanda changu, maana cha kwake kimebonyea katikati. Alikuwa na suruali mbili. Moja ilikuwa ya kubana, ya vijana, nikamwambia akiinama kuokota kalamu benki nzima itajua ana makalio ya upande gani wa ukoo. Ya pili ilikuwa bluu ya usiku, mtumba, kitambaa kizito kinachoanguka vizuri, ila kiuno kikubwa na miguu inaburuta. Hiyo nikamwambia ndiyo. Suruali iliyozidi inapunguzwa, iliyopungua haiongezwi. Fundi wa pale karibu na mashine ya kusaga aliingiza kiuno kwa mshono wa nyuma, akakunja pindo, na nilisimama palepale nikimwambia pindo liguse kiatu lakini lisikikalie. Fundi aliniuliza kama mimi ndiye ninayeajiriwa.

Koti lilikuwa jipya, na mabega yalimkaa sawasawa, hapo nilimsifu, kwa sababu bega la koti likikosea hakuna fundi wa Simiyu anayeliponya. Lakini lilikuwa na kitambaa kidogo chenye maandishi kimeshonwa mkononi, juu ya vifungo, na mpasuko wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa uzi mweupe uliopita msalaba. Nikachukua wembe. Akanirukia kama nataka kumtahiri upya. Akasema kile kitambaa ndicho kinachoonyesha kwamba koti si mtumba, wenzake wote wanakiacha, na ule uzi ndio mtindo.

Mimi kuandika najua kidogo, lakini uzi naujua. Ule ulikuwa uzi wa bandi. Mishono mirefu, haijafungwa fundo, imewekwa ili nguo isipinde safarini na mnunuzi autoe. Nilimuuliza kama ng'ombe akinunuliwa mnadani anaendelea kutembea na kamba ya muuzaji shingoni. Akaniachia koti. Nikakata msalaba, nikatoa kitambaa cha mkononi uzi mmoja mmoja, nikafungua na mifuko ya pembeni iliyokuwa imefumbwa. Akaingiza mikono mifukoni akashangaa kwamba kumbe ina kina.

Basi ikabaki shati.

Shati alikuwa amelinunua jipya kwenye duka la nguo za ofisini, jeupe, linang'aa kama kigae cha sahani. Aliniletea Ijumaa kwa heshima zote, amelishika kwa vidole viwili, akaniomba nilipige pasi, kwa sababu nguo zake zote tangu shule nazipiga mimi, kwa pasi yangu ya mkaa yenye jogoo juu ya komeo.

Nikalishika. Likateleza. Nikalikunja kwenye kiganja, nikabana, nikaliachia, likafunguka lenyewe bila hata kunyanzi moja. Mimi nimelima pamba miaka arobaini na kitu. Nimeipanda, nimeipalilia, nimeichuma vidole vikachanika, nimeichambua safi kando na fifi, ile chafu, kando. Pamba haina kiburi cha namna hiyo. Pamba ukiikunja inakumbuka. Nikamwambia hii si pamba.

Akanionyesha kilebo cha shingoni, kimeandikwa Kizungu, akasema, "Bibi, imeandikwa hapa, pamba tupu asilimia mia."

Nikageuza shati ndani nje, nikavuta uzi mmoja kwenye mshono wa pembeni mahali ambapo hapaonekani, nikamwita jikoni. Kwanza nikavuta uzi kwenye khanga yangu ya zamani nikauweka kwenye kaa. Ukawaka kama karatasi, ukanukia karatasi, ukabaki majivu laini ambayo ukiyapuliza hayapo. Halafu nikaweka uzi wa shati. Haukuwaka kwanza. Ulijikunja kama mdudu aliyeguswa, ukarudi nyuma, ukawa punje nyeusi ngumu, na jiko likanuka beseni la plastiki lililoungua. Nikachukua ile punje ilipopoa nikamwekea kiganjani ajibonyezee mwenyewe.

Aliibonyeza. Haikuvunjika. Akasema labda ni uzi wa kushonea tu, si kitambaa. Hilo nakubali lilikuwa wazo la mtu aliyesoma. Lakini mimi nilikuwa nimeshapanda juu ya kichuguu changu na sikutaka kushuka kuvuta uzi mwingine. Nikamrudishia shati lake nikasema, "Pasi yangu haigusi nguo nisiyoijua."

Nilisema hivyo nikaendelea kuchambua choroko. Sikumwambia kwamba nguo ya namna ile hupigwa pasi ya uvuguvugu, na kitambaa kibichi juu yake. Nilijua. Sikusema. Nilitaka anibembeleze kwanza, kwa sababu nilikuwa na shati jingine kichwani na nilitaka aliombe mwenyewe. Hapo kosa ni langu na naliandika hapa kama lilivyo.

Jumamosi mchana akalipeleka kwa shangazi yake. Shangazi yake ni binti yangu wa mwisho, tunaishi ua mmoja, yeye ana nyumba ya bati la rangi na pasi ya umeme, na vyote viwili anapenda vionekane. Alimwambia mtoto kwamba bibi yako anaishi enzi za marobota ya pamba. Kisha akasoma kilebo, akaona pamba, akazungusha kile kidude cha pasi hadi kwenye alama ya pamba, ambayo ni karibu na mwisho kabisa wa moto. Nilikuwa naona kupitia dirishani. Akaanza na kifua, mtu asiyejua pasi huanza na kifua, akabonyeza.

Haikutoa mlio. Ilitoa harufu tu, ile ya beseni. Aliponyanyua, pasi ilinyanyuka na shati. Aliponyofoa, pale kifuani upande wa moyo pakabaki alama ya pasi nzima, ncha na kila kitu, imeyeyuka na kung'aa, ukiitazama kwenye mwanga unamwona mtu wa upande wa pili.

Mjukuu wangu alikaa chini kwenye kizingiti. Hakulia, ila alishika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kisianguke. Shangazi yake akasema koti litafunika. Mtoto akamjibu taratibu kwamba kuna siku ya Jumatatu tu ya kuonekana mtu kwa mara ya kwanza, na yeye hawezi kukaa siku nzima ameshikilia koti kama aliyeiba kuku. Lile duka lilikuwa limefungwa, mwenyewe ni Msabato. Kwenye mitumba alikwenda mbio akarudi mikono mitupu, mashati meupe yote yaliyokuwapo yalikuwa ya mikono mifupi au ya shule.

Hapo nikashuka kwenye kichuguu. Nikaingia ndani, nikafungua sanduku la bati.

Marehemu babu yake alikuwa karani wa mizani wa chama cha ushirika, kule Zagayu, enzi ambazo karani wa mizani alikuwa mtu. Watu walikuja na pamba kwa mikokoteni ya ng'ombe, naye anasimama kwenye mizani amevaa shati jeupe, kalamu mfukoni, katikati ya vumbi lote lile. Alisema mkulima akikuona mchafu anadhani na mizani ni chafu. Alipofariki nguo zake ziligawanywa kwa ndugu kama ilivyo desturi, koti kwa mdogo wake, viatu kwa mpwa. Shati hilo moja nililikalia. Kweli, nililikalia, wakati wanagawa nilikuwa nimelikunja nikaketi juu yake, na nani atamwambia mjane asimame?

Nikalitoa. Lilikuwa limepata rangi ya maziwa yaliyolala na lilinuka vidonge vya kufukuza nondo. Mtoto alilitazama akasema, "Bibi, hili si la makumbusho?"

Nikamwambia alivae kwanza, matusi baadaye. Akavaa. Mikono ilifika pale hasa inapotakiwa, kwenye kifundo cha mkono, bila kuzidi wala kupungua. Nikaingiza vidole viwili kati ya kola na shingo yake, vikaingia bila kubanwa, na hicho ndicho kipimo. Kiwiliwili ndicho kilichokuwa kipana, kwa sababu babu yake alikuwa anakula na huyu analishwa michembe. Binti yangu alikuwa amekuja na mdomo wake. Alipoona ile mikono, akasema tu, "Ni ya baba kabisa," akaenda kuwasha jiko bila kutumwa.

Kasoro zilikuwa mbili. Kola ilikuwa imechanika mkunjo wote, pale inaposuguana na shingo, nyuzi zinachungulia. Na chini ya mfuko wa kifuani kulikuwa na doa la wino, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

Wino nilipaka ndimu na chumvi nikaanika juani. Ukapauka, ukakataa kwenda. Nikauacha. Nilisema moyoni kuwa ni wino wa kazi, si wa uzembe.

Kola niligeuza. Huu ni ufundi ambao vijana wa cherehani siku hizi hawaufanyi, wanakuambia nunua nyingine. Unachukua wembe unafumua ule mshono mmoja unaoshikilia kola juu ya mkanda wake wa shingoni, mmoja tu, usiguse mwingine. Kola inatoka nzima mkononi. Unatafuta katikati yake unaweka pini, unatafuta katikati ya mkanda unaweka pini, maana ukikosea katikati masikio ya kola yatapishana kama pembe za ng'ombe mgomvi. Kisha unaigeuza, upande uliochanika uangalie chini ambako hakuna atakayeuona, na upande ambao miaka yote ulikuwa umejificha uje juu ukiwa mpya kabisa. Unairudisha ndani ya mkanda, unapiga bandi, halafu ndio cherehani. Ya kwangu ni ya miguu, kanyagio linalia, lakini uzi haupotezi. Pembeni nikaingiza mshono ndani vidole viwili kila upande, kiuno kikapata adabu.

Nikalichemsha na sabuni ya mche, nikasuuza maji matatu. Maji ya mwisho nikayatia bluu ya kufulia kidogo tu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, maana ukizidisha shati linakuwa la mbinguni. Ule umanjano ukaondoka. Kola na vifundo vya mikono nikavichovya kwenye uji mwepesi wa unga wa muhogo, uliochujwa kwenye kitambaa. Binti yangu akasema hata shati mwaka huu linakunywa uji. Mtoto alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Jumapili baada ya misa nikalipiga pasi likiwa bado na unyevu kidogo. Mtoto nikamsimamisha kando ajifunze, maana mimi sitaishi hadi astaafu. Pasi ya mkaa kwanza unaipepea nje hadi majivu yote yatoke, kisha unaifuta uso, kisha unaijaribu kwenye kitambaa kibovu. Unaanza na kola, kwa upande wa chini, kutoka kwenye ncha kuja katikati, kwa sababu ukitoka katikati kwenda nje unasukuma makunyanzi yote yakakae kwenye ncha ambako ndiko watu wanakotazama. Halafu mabega, halafu vifundo, halafu mikono, na mwili ndio wa mwisho. Suruali unaiwekea kitambaa kibichi juu, la sivyo nguo nyeusi inang'aa magotini kama kipara.

Jumatatu alfajiri alikataa michembe. Aliniambia, "Mke wangu, benki pako kimya sana." Nikamwelewa. Nikampa uji na yai.

Akavaa. Tai alijifunga kwa kutazama simu, mara ya kwanza ikaishia kifuani kama ulimi wa mbuzi, mara ya pili ikafika chini ya zipu. Mara ya tatu ncha ikagusa bizimu ya mkanda, nikasema hapohapo, usiiguse tena. Viatu nilikuwa nimevipaka dawa tangu jana yake na kuvisugua kwa kipande cha soksi. Alisimama mlangoni nikamzunguka mara mbili kama mnunuzi wa fahali. Nikamtemea mate kidogo mikononi kumbariki, akakwepa yasiguse koti. Binti yangu akamsindikiza kwa bajaji hadi mjini, ili asipande bodaboda akafika na rangi ya barabara.

Siku hiyo sikufanya kazi yoyote ya maana. Niliokota mawe kwenye choroko, nikayarudisha, nikayaokota tena.

Alirudi jioni koti likiwa mkononi. Nikaona wino wangu pale kifuani, wazi kabisa. Akanieleza kila kitu akiwa amesimama. Ndani ya benki kuna mashine ya baridi, lakini saa tano ilizimika, na mkuu wa tawi akawaambia wageni wote wavue makoti. Walikuwa wanne wapya. Wenzake walipovua, makwapa yao yalikuwa mabwawa na mashati yamewagandia mgongoni. Yeye shati lilikuwa limekaa, kola imesimama, jasho limenyweka. Akasema ndipo alipokumbuka doa, akataka kuweka mkono juu yake kama anayeimba wimbo wa taifa.

Mama mmoja wa makamo, anayewafundisha kazi ya dirishani, akamsogelea. Hakutazama doa kwanza. Alishika ncha ya kola, akaikunjua kidogo, akaona chini. Akamuuliza nani amegeuza kola hii, kwa sababu hajaona kitu hicho tangu mama yake alipokufa. Mtoto kwa kuchanganyikiwa akajibu kama tulivyozoea nyumbani, kwamba ni mke wake. Yule mama akamwambia basi umeoa vizuri. Wiki nzima iliyofuata benki wakawa wanamletea fomu ya bima aandike jina la mwenza.

Doa je, nikamuuliza. Akasema yule mama aliliona. Yeye akamwambia ni la babu yake, karani wa mizani. Yule mama akasema ofisini kwao kalamu hufunikwa kabla ya kurudishwa mfukoni, akaendelea kufundisha.

Miezi sita ikaisha, wakamthibitisha. Mahindi nayo yakarudi, na michembe ikawa tena kitu cha kutafuna na chai. Siku moja akaja na mfuko mzuri wenye nembo, amejaa furaha. Benki imewagawia mashati ya kazi, ya rangi yao, jina lake limetariziwa kifuani. Akalikunjua mbele yangu kwa fahari, na mimi nikalishika kwa fahari. Likateleza. Nikalikunja kwenye kiganja, nikaliachia, likafunguka lenyewe.

Akaniona ninavyolitazama. Akaanza kurudi nyuma nalo taratibu, akisema bibi, hili ni la ofisi, hili limetoka makao makuu, hili wamevaa hadi wakurugenzi, nipigie tu kidogo kesho nina wageni.

Nikamfundisha moto wake wa uvuguvugu na kitambaa kibichi cha kuweka juu, safari hii sikuficha kitu. Nikamwonyesha na nyumba ya shangazi yake kwa kidole. Lakini mimi mwenyewe nilimwambia lile nililomwambia mara ya kwanza.

"Pasi yangu haigusi nguo nisiyoijua."